Mabao Yanayotarajiwa na Odi za Klinishiti

Kwenye mkeka, klinishiti, ushindi bila kuruhusu bao na jumla ya mabao ya timu huonekana kama masoko matatu tofauti. Kumbe yote hutokana na namba mbili: wastani wa mabao ambayo kila timu inatarajiwa kufunga.

Tuseme mwenyeji anatarajiwa mabao 1.8 na mgeni 0.9. Maana yake, mechi kama hiyo ikichezwa mara 100, mgeni atafunga takriban mabao 90. Lakini hayatagawanyika sawasawa: siku nyingine atapata mawili au matatu, na siku nyingi atatoka kapa. Ni ngapi hizo? Hesabu ya Mfaransa Poisson hutoa jibu: e^(-0.9), yaani 0.407. Hiyo ndiyo klinishiti ya mwenyeji, karibu asilimia 41. Klinishiti ya timu hupimwa kwa mabao ya mpinzani wake.

Kwa mwenyeji, nafasi ya kutofunga ni e^(-1.8), sawa na 0.165. Izidishe kwa 1.8 upate nafasi ya kufunga bao moja tu, 0.298. Kinachobaki, asilimia 54, ni nafasi ya mwenyeji kufunga zaidi ya 1.5.

Ushindi bila kuruhusu bao ndio unaowapoteza wengi. Mwenyeji ana asilimia 59 za kushinda, basi mtu huzizidisha kwa 41 za klinishiti na kupata 24. Si sahihi, kwa sababu mambo hayo mawili yameshikana: mgeni asipofunga, bao moja tu la mwenyeji linatosha. Kinachotakiwa ni mgeni asifunge na mwenyeji afunge walau moja, yaani 0.407 mara 0.835, karibu asilimia 34. Tofauti hiyo ya asilimia 10 ni kubwa mno kwa mtu anayeweka pesa yake.

Hesabu hii ina kasoro moja: inachukulia kwamba mabao ya timu moja hayaathiri ya nyingine. Mwaka 1997, Mark Dixon na Stuart Coles walipendekeza marekebisho kwa matokeo ya mabao machache, na kwa kawaida marekebisho hayo huongeza sare ya bila kufungana. Katika mechi yetu, tuseme sare hiyo inapanda kutoka asilimia 7 hadi 8. Klinishiti hubaki 41, ila sehemu yake kubwa zaidi sasa ni sare, hivyo ushindi bila kuruhusu bao hushuka hadi 33.

Tukiiacha 34 kama ilivyo, odi ya haki ni takriban 2.95. Kampuni ikitoa 2.70, kila shilingi 1,000 hurudisha wastani wa shilingi 916 hivi. Kikosi kikitangazwa na mshambuliaji tegemeo wa mgeni hayumo, anza upya kwenye ile 0.9, kwa kuwa klinishiti na ushindi bila kuruhusu bao vitapanda pamoja, huku jumla ya mabao ya mwenyeji ikibaki palepale.