Habari ya mtawa juu ya mfalme aliyekuwa hasimu yake: tuipokee vipi?

Suali: Assalaamu alaykum Sheikh. Baba yetu ni Mpangwa wa Ludewa na mama yetu ni Mngoni wa Songea, nasi tumezaliwa hapa Unguja. Kila mwaka tunasoma khitma kumuombea babu wa mama yetu, ambaye kwa mapokezi ya ukoo ni miongoni mwa walionyongwa Songea baada ya vita vya Majimaji. Mwaka huu binamu yetu ametuletea kurasa zilizotolewa kivuli katika kitabu cha mtawa wa Peramiho. Zinasema mfalme wa Wangoni alikuwa mkatili, na kwamba wengi wa walionyongwa walibatizwa kabla ya kufa. Upande wa baba wanasema ukatili ule ni kweli, walihadithiwa na wazee wao. Upande wa mama wanasema yote ni uongo wa wamisheni. Khitma imesimama na ndugu hawasemezani. Tushike lipi?

Jibu: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Ndugu muulizaji, pande zote mbili zina kosa moja. Kila upande unataka kitabu kizima kiwe kweli au kizima kiwe uongo. Wanavyuoni hawakufanya hivyo kwa mapokezi, wala wanahistoria hawafanyi hivyo kwa vitabu. Aya ya sita ya Suratul Hujurat inatuamrisha tuihakiki habari inayoletwa na mtu asiyeaminika. Haikutuamrisha kuitupa. Na kinachohakikiwa ni habari moja moja.

Kwanza tumjue mwandishi na alikuwa na nini moyoni. Watawa wa Kibenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, mwaka mmoja tu baada ya Wajerumani kuwakamata wakuu wa Wangoni na kuwatia chini ya serikali ya Songea. Nkosi wa Wangoni wa Njelu wakati wa vita alikuwa Mputa Gama. Yeye na misheni walikuwa wakigombea watu wale wale. Mputa alitaka watu wake wamtii yeye na waheshimu mahoka, yaani mizimu ya wazee. Misheni ilitaka watoto wa watu hao hao waje shule na waache mahoka. Vita vilipofika Ungoni mwaka 1905, misheni ya Peramiho ilichomwa moto na Padri Franziskus Leuthner akauawa. Kabla ya hapo, mwezi wa Agosti, Askofu Cassian Spiss alikuwa ameuawa njiani kutoka Kilwa kwenda Liwale, pamoja na watawa wanne, wawili wanaume na wawili wanawake.

Basi aliyeandika habari za Mputa baada ya hapo alikuwa amefiwa na nduguze na kuchomewa nyumba. Hilo halimfanyi muongo, lakini linatufunza pa kuangalia. Tazama, kwa mfano, kwamba askofu aliuawa mbali, kwenye njia ya Liwale, nje kabisa ya nchi ya Mputa. Mtu mwenye msiba hukusanya hasira zake zote akamtupia adui aliye karibu. Kwa hiyo ukikuta sifa mbaya ya Mputa, uliza: hii inatokana na tendo lake mwenyewe, au ni uchungu wa jambo lililotendwa na watu wengine mahali pengine?

Pili, tujue karatasi yenyewe ni ya aina gani, kwa sababu “kitabu cha mtawa” si kitu kimoja. Kuna daftari la misheni, ambamo matukio huandikwa yanapotokea, kwa matumizi ya watawa wenyewe. Kuna barua na makala zilizopelekwa Sankt Ottilien, Ujerumani, zikachapwa katika jarida la misheni na kusomwa na wafadhili. Hizo zilikuwa na haja ya kuonyesha kuwa sadaka za watu zimezaa matunda. Na kuna vitabu vya historia vilivyoandikwa baadaye sana, kama kile cha Padri Elzear Ebner juu ya Wangoni, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1959, zaidi ya miaka hamsini baada ya vita. Ebner alizungumza na wazee wa Kingoni, na kazi yake ina faida kubwa. Lakini hakuwapo Songea mwaka 1906. Anachosimulia juu ya siku ile amekipokea kwa wengine. Mrudishieni binamu yenu suali hili: kurasa zako zimetoka katika tabaka lipi kati ya hayo matatu, na aliyeandika alimpokea nani?

Sasa tuzichukue habari mbili zenu, tuzipime.

Habari ya ukatili. Mtawa ni hasimu, kwa hiyo ushahidi wake peke yake hautoshi. Lakini hapa hayuko peke yake. Wapangwa wa Ludewa wanahadithia kwamba Wangoni waliwavamia, wakachukua watu na mifugo, na wazee wao wakakimbilia milimani. Wazee hao hawakuipata habari hiyo kwa padri. Wangoni walifika nchi hizo miaka mingi kabla ya misheni, na Wapangwa walikuwa na majeraha yao wenyewe. Tena Wangoni wenyewe hawakanushi kuwa walipigana na majirani zao na kuchukua mateka. Wao hujivunia ushujaa huo. Basi mashahidi watatu wasio na maslahi mamoja, wasiochukua habari kwa mwenzao, wanakutana kwenye jambo moja. Hapo tunasema: uvamizi ulikuwapo. Upande wa mama, likubalini hili.

Lakini angalieni mpaka wake. Walichokubaliana mashahidi watatu ni kwamba uvamizi ulitokea. Hawakukubaliana kwamba Mputa kwa nafsi yake alikuwa na moyo wa kikatili, wala kwamba aliingia vitani mwaka 1905 kwa ukatili. Tena Wapangwa wengi nao waliingia katika vita hivyo hivyo dhidi ya Mjerumani. Kama Mputa angekuwa ndiye chanzo cha shari yote, wale aliowaonea wasingekuwa na sababu ya kunyanyua silaha upande ule ule aliokuwako yeye. Kodi na kazi za kulazimishwa ziliwagusa wote.

Na hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Katika habari za misheni imo kwamba Padri Leuthner aliiharibu nyumba ya mahoka ya Mputa kabla ya vita. Habari hii inamdhuru anayeisimulia, kwani inaonyesha kuwa mfalme alikuwa na kisa halisi na misheni na kwamba aliyeanza hakuwa yeye. Watu hawatungi aibu yao wenyewe. Kwa hiyo neno la mtawa hapa lina nguvu kuliko pale anapomtukana Mputa, ijapokuwa mtu ni yule yule. Muhaddithina walikuwa na kanuni ya namna hii: mwenye madhehebu anayeyalingania, wengi wao waliikataa riwaya yake inapoyapa nguvu madhehebu yake, na wakaikubali katika mengine akijulikana kuwa mkweli. Upande wa mama, kama mtasema kila neno la mtawa ni uongo, mtaitupa pia hoja yenu bora.

Habari ya ubatizo. Hii ndiyo iliyosimamisha khitma. Wanyongwaji wengi waliuawa tarehe 27 Februari 1906, na siku hiyo hukumbukwa Songea kila mwaka. Padri Johannes Häfliger wa misheni ya Kigonsera alikuwapo, akaeleza kwamba wengi wa waliohukumiwa walibatizwa. Ni shahidi wa macho, na hilo ni uzito mkubwa. Lakini ni habari inayoipa nguvu kazi yake, na wasomaji wake wa Ulaya walitamani kuisikia. Basi tuitazame kwa makini zaidi. Hakudai kuwa wote walibatizwa, na mwenye kutunga kwa ajili ya sifa asingejipunguzia. Mimi naona kiini cha habari, kwamba ubatizo ulifanyika, ni sahihi. Asichoweza kutupa ni kilichokuwamo mioyoni. Mtu amefungwa, kamba iko mbele yake, askari wamemzunguka. Huenda aliamini, huenda alitumaini kusamehewa, huenda alitaka tu mtu wa kumsemesha kwa upole. Padri aliona maji yakimiminwa na akasikia maneno. Akisema kwamba waliongoka kwa moyo, hapo ameacha ushahidi na ameingia katika dhana.

Sasa tuje kwa babu yenu. Neno “wengi” halimtaji mtu. Kutoka “wengi walibatizwa” huwezi kufika “fulani alibatizwa”. Likitajwa jina lake, basi ulizieni kitabu cha ubatizo, si kitabu cha historia. Kitabu cha ubatizo huandikwa jina, siku na mbatizaji, na hakiandikwi kwa ajili ya kumpendeza msomaji. Nako mkiliona jina, hakikisheni ni yeye, maana jina moja huitwa watu wengi. Angalieni ukoo na kijiji.

Kwa hukumu ya khitma, kuna kanuni inayojulikana katika fiqhi kwamba yakini haiondolewi na shaka. Ikiwa babu huyo alijulikana kwa Uislamu, kwa jina, kwa swala, kwa ndoa, na mapokezi hayo yamekujieni kwa njia zaidi ya moja, basi “wengi walibatizwa” haiuondoi Uislamu wake. Na hata jina lake likionekana, neno lililotamkwa chini ya kitanzi lina hukumu ya mwenye kulazimishwa, na moyo wake uko kwa Mola wake.

Lakini insafu inanilazimu niseme na upande wa pili. Wakati ule Uislamu ulikuwa umeanza kuingia Ungoni, na Wangoni wengi walikuwa bado kwenye mahoka ya wazee wao. Msimfanye babu kuwa Muislamu kwa sababu mnampenda, kama vile padri hakuwa na haki ya kumfanya muumini kwa sababu alimuonea huruma. Ulizeni wazee wa Songea wangali hai: alikuwa akiitwa nani, aliyesema kuwa ni Muislamu alilipata kwa nani, na je, habari hiyo ilikuwapo kabla ukoo haujahamia Unguja, au imezaliwa huku? Mkikuta asili yake, endeleeni na khitma yenu. Msipoikuta, someni khitma kwa ajili ya Waislamu wote waliotangulia katika ukoo wenu. Nani amo na nani hamo, Allah anajua.

Na binamu yenu msimkate. Kuleta karatasi si kosa. Mwambieni azilete kurasa zote, pamoja na jina la mwandishi na mwaka wa kuchapwa, mkae mzisome pamoja pande zote mbili, na kila sentensi mjiulize: huyu aliona, alisikia, au alidhani?

Wallahu a'lam.