Aingie Majini Wapi?

Maji yamejaa Bamburi, na mita 40 kutoka ukingoni kuna mtu anapunga mkono, kachoka. Mwokoaji yuko ukingoni, lakini mpaka afike mkabala naye ana mita 60 za mchanga. Ajitose wapi?

Wengi wetu tungejitosa pale pale tulipo na kumfuata moja kwa moja, kwa kuwa hakuna njia fupi kuliko hiyo. Lakini anachokimbizana nacho mwokoaji ni muda. Tuseme mchangani anakwenda mita 5 kwa sekunde, na majini mita 1.25 tu, robo ya mbio zake. Njia ya moja kwa moja ina mita 72, zote za kuogelea, nayo itamla karibu sekunde 58. Akikimbia kwanza mita zote 60 ndipo aingie, ni sekunde 12 za mchanga na 32 za maji, jumla 44.

Hata hapo kuna nafuu iliyobaki. Kila mita anayozidi kukimbia inamla sekunde 0.2. Mwanzoni mita hiyo humpunguzia zaidi ya sentimita 80 za kuogelea, karibu sekunde 0.7, kwa hiyo inamlipa. Kadiri anavyousogelea mkabala, faida hupungua, hadi mita moja ya mchanga imwondolee robo mita tu ya maji. Robo mita ya kuogelea ni sekunde 0.2: ametoka sare, basi aingie. Hapo ni kama mita 10 kabla ya mkabala, na safari nzima ni sekunde 43.

Mahali hapo hapasogei hata kama mwokoaji ameanzia mita 200. Panategemea umbali wa anayezama kutoka ukingoni na tofauti ya mwendo mchangani na majini, basi. Tena hapahitaji kupimwa kwa rula: akiingia mita 20 kabla ya mkabala, anapoteza chini ya sekunde moja. Kosa la kweli ni kujitosa mapema mno.

Mwaka 2003 mwalimu wa hesabu wa Michigan, Marekani, Tim Pennings, alichapisha vipimo vya mbwa wake Elvis, aliyekuwa akifuata mpira ziwani. Elvis alikimbia mita 6.4 kwa sekunde na kuogelea 0.91, na mara nyingi aliingia majini karibu na pale hesabu iliposema. Kalamu hakuwa nayo, bila shaka.

Maji yakipwa, mambo hubadilika. Kuna eneo refu la maji ya magoti, ambako mtu hawezi kukimbia vizuri wala kuogelea, na hapo mipaka ni miwili. Mkondo nao humchukua anayezama, kwa hiyo mkabala wa kupimia ni pale atakapokuwa baada ya sekunde 43, si pale alipoonekana mara ya kwanza.