Je, Wajua? Mwasho wa Usiku Kinenani: Chawa au Upele?

Je, wajua kwamba upele huanza kuwasha ukiwa umeshakaa mwilini kwa wiki kadhaa?
Mdudu wa upele hafiki nusu milimita. Jike huchimba njia ndani ya ngozi ya juu na kutaga mayai mawili au matatu kila siku. Kinachowasha hasa ni mzio: mwili unawakataa wadudu, mayai yao na kinyesi chao. Kwa anayeugua mara ya kwanza, mzio huo hujitokeza baada ya wiki 4 hadi 6. Aliyewahi kuugua huanza kujikuna ndani ya siku 1 hadi 4. Kabla ya hapo mtu hahisi chochote, lakini anaambukiza.

Je, wajua kwamba chawa wa kinena unaweza kumwona kwa macho?
Kaa penye mwanga wa kutosha, utenganishe nywele taratibu. Chawa ana milimita 1 hadi 2, ni mfupi na mpana kama kaa, na hushikilia nywele kwa kucha zake. Mayai yake yamegandia karibu na shina la unywele, ukiyafuta kwa kidole hayatoki. Huenda pia ukakuta vitone vya damu kwenye chupi.

Nywele zikiwa safi na bado unawashwa, kagua kwingine: katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni panapokaa mkanda, na makalioni. Kwa mwanamume, vinundu vinavyowasha kwenye uume au korodani ni dalili kubwa ya upele. Kunyoa hupunguza chawa, ila hakumgusi mdudu wa upele, maana yeye yumo ndani ya ngozi.

Je, wajua kwamba blanketi si mkosaji mkuu?
Mwaka 1941, mjini Sheffield, Uingereza, mtaalamu wa wadudu Kenneth Mellanby aliwalaza watu waliojitolea kwenye mablanketi yaliyotumiwa na askari wenye upele. Walioambukizwa walikuwa wachache mno. Ugonjwa ulishika vizuri pale walipolala kitanda kimoja na wagonjwa. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ya watu, kufua kunafuata.

Je, wajua kwamba nyumba nzima hujipaka usiku mmoja?
Tuseme baba ana upele, na nyumbani yupo mama na watoto watatu wa shule. Ijumaa saa 2 usiku wote watano, hata wasiowashwa, wanaoga, wanajikausha, kisha wanapaka krimu ya pemethrini ya asilimia 5 kuanzia shingoni hadi nyayoni: kitovuni, kinenani, katikati ya vidole na chini ya kucha. Anayenawa mikono anaipaka tena. Jumamosi saa 12 asubuhi, baada ya saa 10, wanaoga. Mashuka, taulo na nguo za siku 3 zilizopita zinafuliwa kwa maji ya moto, zinaanikwa juani na kupigwa pasi. Zisizofulika zinafungwa ndani ya mfuko kwa wiki moja. Ijumaa inayofuata wanarudia kupaka.

Dawa ya BBE, inayopatikana kwa wingi katika maduka ya dawa, nayo hutibu, lakini huunguza kinenani. Vidonge vya aivamektini havimfai mjamzito wala mtoto wa chini ya kilo 15. Mtoto wa chini ya miezi 2 apelekwe kliniki kwanza.

Je, wajua kwamba chawa wa kinena wana utaratibu wao?
Hawa huambukizwa zaidi kwa kujamiiana, hivyo anayetibiwa pamoja nawe ni mwenzi wako. Pemethrini ya asilimia 1 hupakwa kwenye nywele, huachwa dakika 10, kisha husuuzwa na mayai kuchanwa kwa kitana chenye meno ya karibu. Mayai huanguliwa kati ya siku 6 na 10, ndiyo maana unakagua tena baada ya siku 7 hadi 10 na kurudia dawa ukiwaona. Msikutane kimwili mpaka wote mpone, na mpime magonjwa mengine ya zinaa. Wakionekana kwenye kope, usipake dawa hiyo, nenda hospitali. Dawa ya kunguni na mafuta ya taa yasiguse ngozi kabisa.

Je, wajua kwamba upele uliopona huendelea kuwasha?
Wadudu waliokufa bado wamo ndani ya ngozi, na mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4. Kupaka dawa kila siku katika kipindi hicho huichubua ngozi na kuzidisha mwasho. Wiki 4 zikipita bado unawashwa, au vipele vipya vikitokea, rudi kwa daktari, na mwambie kama kuna mtu unayelala naye ambaye hakupaka dawa usiku ule.