Mfungo wa Saa 16 na Sufuria ya Familia

Mfungo wa vipindi unaozungumzwa sana siku hizi ni ule wa 16 kwa 8: mtu hukaa saa 16 bila chakula, kisha hula ndani ya saa 8 zilizobaki. Maji huruhusiwa muda wote, na chai ya rangi isiyo na sukari pia. Wapo wanaopunguza makali wakafunga saa 14 tu.

Anayeishi peke yake hupanga saa zake atakavyo. Mwenye familia hana budi kuzipima na sufuria inayopikiwa wote. Na kabla ya kupima, ajue mfungo wenyewe unafanya nini. Huko Guangzhou, China, watu 139 wenye unene uliopitiliza walifuatiliwa kwa miezi 12, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Wote walipunguza chakula, lakini kundi moja lilitakiwa pia kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni pekee. Waliofunga walipungua wastani wa kilo 8, wenzao kilo 6.3, na kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kusema kwamba saa ndizo zilizoileta. Faida kubwa, basi, hutokana na kula kidogo. Waliowahi kuongezeka uzito mwezi wa Ramadhani wanalijua hilo: saa za kula zilipungua, lakini sambusa, kachori na sharubati za futari zikafidia.

Tuchukue familia ya mfano, Mbagala, Dar es Salaam. Baba ana kitambi na anataka kupungua. Mama ananyonyesha mtoto wa miezi minane. Binti ana miaka 14, mdogo wake minane, na bibi anatumia glibenklamidi kwa ajili ya kisukari.

Hapa wanne wa kwanza kuondolewa kwenye mpango ni watoto wote na mama. Watoto wanakua, huyo wa miezi minane, pamoja na ziwa, anahitaji kulishwa mara mbili hadi tatu kwa siku. Mama anahitaji chakula cha ziada maadamu ananyonyesha. Bibi naye asithubutu bila daktari, kwa kuwa dawa yake hushusha sukari hata kama hajala, na dalili huanza kwa jasho jembamba, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Amebaki baba.

Baba hula chapati na chai kazini saa nne asubuhi, chakula cha mchana saa saba, na nyumbani wanamaliza kula saa mbili na nusu usiku. Akifuata saa za Guangzhou, hataonja chakula cha usiku, ambacho ndicho pekee anachokula na wanawe. Mwili huimudu sukari vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku, kwa hiyo kula mapema kuna mantiki yake, ila kwa nyumba hii gharama yake ni kubwa. Akihesabu saa 14 tangu saa mbili na nusu usiku, atafika saa nne na nusu asubuhi. Chai yake imesogea nusu saa tu. Akitaka saa 16, atasubiri hadi saa sita na nusu mchana, na chai itafutika.

Twende kwenye pesa. Tuseme chai na chapati mbili ni shilingi 1,500. Kwa siku sita za kazi ni 9,000. Mfungo wa saa 14 hauokoi hata senti, kwa sababu chai imesogezwa tu. Wa saa 16 unaokoa, lakini akifika kwa mama ntilie na njaa akaongeza nusu sahani ya wali na soda, akiba imekwisha na kitambi kipo palepale. Nyumbani hakuna kinachopungua: mkaa utawashwa vilevile, maana uji wa watoto lazima upikwe.

Uji huo ndio wa kuuchunga zaidi. Mzazi asiyekula asubuhi huanza kuona kupika ni usumbufu, na watoto hupewa hela ya visheti badala yake. Binti wa miaka 14 naye huiga haraka, hasa akisikia unene ukizungumzwa kila siku mezani. Akianza kusema ameshiba kabla ya kula, mazungumzo hayo yakome na chakula chake kifuatiliwe.

Kwa nyumba hii, uamuzi wa busara ni baba peke yake kujaribu saa 14, siku za kazi, kwa mwezi mmoja. Kila Jumamosi apime kiuno kwa futi ya fundi cherehani na kujumlisha alichotumia kwa chakula cha nje. Kiuno kisipopungua, aache kuhesabu saa, apunguze sukari ya chai na chapati moja. Hilo halihitaji ratiba ya mtu mwingine yeyote kuguswa.