Udhuru usiomwongezea mwandaaji kazi

Mwanafunzi yeyote wa sekondari nchini Kenya aliyefundishwa kuandika kumbukumbu za mkutano anajua kwamba majina hayawekwi fungu moja. Kuna waliohudhuria, kuna waliotuma udhuru, na kuna waliokosa bila taarifa. Nchini Tanzania nako makatibu wa vikao huwatenganisha vivyo hivyo. Mwenye udhuru hahesabiwi mtoro, kwa hiyo utaratibu wa vikao unamruhusu mtu kutofika mradi aseme.

Tatizo ni namna ya kusema. Wengi wakialikwa kwenye kikao wasichokiweza hujibu "nitajitahidi", "tutaona" au "Inshallah" inayotamkwa kwa sauti ya kuagana. Wanadhani wanamstahi mwandaaji, kumbe wanamweka njia panda. Hajui kama amhesabu mtu huyo, kama aagize chai ya watu wanane au tisa, wala kama akidi itatimia. Wengine hukataa waziwazi lakini huongeza sentensi moja inayosikika kama msaada: "Labda tufanye wiki ijayo?" Sentensi hiyo ndiyo inayozaa kazi, na inafaa ifuatwe hatua kwa hatua.

Chukua mfano wa katibu aliyeko Dar es Salaam anayeandaa kikao cha saa moja kwa njia ya mtandao. Watu ni sita: yeye na mwenyekiti Dar es Salaam, mhasibu Nairobi, mhariri Kampala, mwalimu Goma, na mfadhili mmoja Maskati. Wanatafuta mchapaji wa kitabu cha watoto. Mwaliko unatoka Ijumaa, na kikao ni Alhamisi ijayo saa 4 asubuhi. Jumatatu mhasibu anaufungua na kugundua kwamba saa hiyo atakuwa na wakaguzi wa hesabu ofisini kwake.

Akijibu "samahani, siku hiyo sitaweza, tunaweza kufanya wiki ijayo?" hali inakuwa hivi. Katibu anamuuliza siku gani. Anajibiwa, "Ijumaa ni sawa." Katibu anawaandikia wengine wanne. Wa Maskati anasema Ijumaa ni mapumziko, kwa kuwa tangu mwaka 2013 wikendi ya Omani ni Ijumaa na Jumamosi. Katibu anarudi kwa mhasibu, naye anataja Jumatatu saa 9. Mhariri wa Kampala, aliyezoea kusoma saa kama zinavyoonekana kwenye simu, anaelewa saa 9:00 asubuhi. Mwenyekiti anaelewa alasiri, yaani 15:00. Siku mbili zimepita, ujumbe zaidi ya kumi umetumwa, na kikao bado hakina saa. Mhasibu mwenyewe ameandika mistari miwili tu, na huenda anajiona mtu mwepesi wa kushirikiana.

Kwa hiyo pendekezo mbadala lipimwe kwa kazi linayomwachia mwandaaji. Kwa kipimo hicho, kuhamisha saa, ambako ndiko watu hukimbilia kwanza, ni njia ya gharama kubwa. Katika kikao cha watu wawili si neno, maana mazungumzo ni ya kwao. Wakiwa sita, kila saa mpya inahitaji ridhaa ya watano wengine, na baadhi yao wameshapanga siku yao kuizunguka saa ya kwanza.

Kabla ya kujibu, mhasibu anatakiwa ajiulize kikao kinamhitaji kwa lipi. Jibu mara nyingi limo kwenye ajenda. Pasipo ajenda, aiulize kwanza, kwa sababu hawezi kutoa mbadala wa jambo asilolijua. Hapa ajenda ni nne, na inayomhusu ni ya tatu tu: kulinganisha bei za wachapaji. Kinachotakiwa kwake ni hesabu na maoni, vitu vinavyoweza kufika bila yeye. Angekuwa ni mtu ambaye saini yake inahitajika au ambaye akikosa akidi haitimii, maandishi yasingetosha, na hapo kuomba saa nyingine kungekuwa na haki.

Jibu lake basi lingeweza kuwa hivi:

"Bi. Katibu, salaam. Nashukuru kwa mwaliko wa kikao cha Alhamisi saa 4 asubuhi. Sitaweza kuhudhuria, kwa kuwa saa hiyo nitakuwa na wakaguzi wa hesabu. Naomba kikao kiendelee kama kilivyopangwa. Kwa ajenda ya tatu nimeambatisha jedwali la bei, ukurasa mmoja, na pendekezo langu liko mstari wa chini. Uamuzi wowote usiozidi bajeti nitaukubali. Ikionekana lazima niwepo, nina nafasi Jumatano saa 4 hadi saa 6 (10:00–12:00) au Alhamisi saa 8 mchana (14:00), kwa saa za Dar es Salaam na Nairobi. Nafasi hizo nitazishikilia hadi Jumanne jioni. Kama kikao kinaendelea, huna haja ya kunijibu."

Neno la kukataa limekuja mapema na halina "labda". Sababu imetajwa kwa maneno machache. Wanaoeleza sana, kuanzia gari lililoharibika hadi mgeni aliyewasili usiku, humlazimisha mwandaaji kuwapa pole kabla ya kuendelea na kazi yake. Kama sababu ni ya faragha, "nina shughuli nisiyoweza kuihamisha" inatosha, mradi iwe kweli.

Sentensi ya kuomba kikao kiendelee ndiyo hukosekana katika udhuru mwingi. Bila hiyo, katibu mwenye adabu atajiona anamtenga mtu akiendelea bila yeye, na ataanza kutafuta saa mpya ambayo hakuombwa. Kauli ya kukubali uamuzi usiozidi bajeti nayo ina kazi. Inawapa waliobaki ruhusa ya kuamua na inataja mpaka wake. Maoni yasiyo na ruhusa hiyo huishia kwenye "tumsubiri mhasibu", na kikao cha pili kinazaliwa hapo hapo.

Saa nazo zina hesabu yake. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko sawa, Goma iko nyuma kwa saa moja, Maskati iko mbele kwa saa moja. Saa 4 asubuhi ya Dar es Salaam ni saa 3 Goma na saa 5 Maskati, na nafasi zote alizotaja mhasibu zinaangukia saa za kazi kote. Ameandika pia tarakimu za saa ishirini na nne, kwa kuwa katika Kiswahili "saa 9" bila neno la asubuhi au alasiri ni mtego palipo na watu wenye mazoea tofauti. Kama mmoja angekuwa London ingebidi kuangalia na tarehe, kwa sababu Uingereza hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba ilhali Afrika Mashariki haibadili: tofauti ni saa tatu majira ya baridi na saa mbili majira ya joto.

Nafasi mbili au tatu zinatosha. Anayesema "nipo muda wowote wiki ijayo" amemrudishia mwandaaji kazi ya kuchagua, na mara nyingi si kweli. Saa ikitajwa huanza kukumbuka shughuli. Kuweka mwisho wa kuzishikilia nafasi, hapa Jumanne jioni, kunamlinda pia anayependekeza asikae na siku iliyofungwa kwa ajili ya kikao ambacho huenda hakihami.

Kutuma mwakilishi ni njia nyingine nzuri, lakini huharibika kwa urahisi. Kijana anatumwa, anakaa mwisho wa meza, na kila akiulizwa anasema "nitamuuliza bosi". Amehesabiwa katika mahudhurio lakini hana la kuamua. Mwakilishi aambiwe kabla msimamo ni upi na mpaka wake uko wapi, na mwandaaji apewe jina lake ili amtumie nyaraka. Katika vyama vyenye katiba ni lazima kuangalia kama mwakilishi anaruhusiwa kupiga kura. Vingine humruhusu kusikiliza tu.

Kalenda za kwenye kompyuta zimerahisisha mengi na kuleta mitego yake. Kanuni ya kiufundi iitwayo iTIP, ambayo programu za kalenda huitumia kuwasiliana, ilitolewa mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho 2009. Ndani yake mna ujumbe wa mwalikwa kupendekeza mabadiliko, `COUNTER`, na wa mwandaaji kuyakataa, `DECLINECOUNTER`. Kwa mtumiaji, hilo huonekana kama kitufe cha `Propose new time`. Pendekezo hilo halihamishi kikao. Linamfikia mwandaaji, na kwa wengine saa ya zamani inabaki hadi yeye akubali na kutuma mwaliko upya. Wapo waliobonyeza wakadhani yamekwisha.

Mtego mwingine uko Outlook. Mtu akichagua kukataa huulizwa kama anataka kutuma jibu, na kuna chaguo la kutotuma. Akilichagua, kikao kinatoweka kwenye kalenda yake lakini mwandaaji hapati habari. Kwake jina hilo bado ni la mtu asiyejibu. Na kwa vikao vya kila wiki, kabla ya kukataa ni lazima kuangalia kama ni kikao kimoja kinachokataliwa au mfululizo mzima. Kosa hapo hufahamika baada ya wiki kadhaa, mtu anapoulizwa kwa nini alijitoa.

Simu bado ina nafasi yake. Udhuru ukitokea asubuhi ya kikao, barua pepe haifai, kwa sababu mwandaaji yuko njiani au anapanga viti. Apigiwe, kisha maandishi yafuate. Kundi la WhatsApp nalo si mahali pa kuanzia. Mmoja akiandika humo kwamba hafiki, wa pili hufuata na wa tatu hupata ujasiri, na mwandaaji anaona kikao kikivunjika mbele ya macho ya wote. Aambiwe yeye kwanza, kundini atangaze mwenyewe.

Kwa mkubwa wa kazi mambo ni tofauti kidogo. Kumpangia saa kunaweza kuonekana ni kumwamuru, na kukataa moja kwa moja kunaonekana ukaidi. Linalofaa ni kumwekea uchaguzi mbele: "Shikamoo, Mzee. Saa hiyo nimepangiwa wakaguzi wa hesabu. Niwaombe wasogee nije kwako, au nikuletee taarifa kwa maandishi leo jioni?" Anahitaji kujibu kwa neno moja tu, na uamuzi wa kipi kitangulie umebaki kwake.

Baada ya kikao, aliyetoa udhuru asome muhtasari kabla ya kumuuliza katibu kilichojiri. Kusimuliwa upya ni kikao cha pili kwa mtu mmoja. Aangalie jina lake limeandikwa fungu gani na kama ajenda iliyomhusu imepata uamuzi. Mhasibu wa Nairobi akikuta mchapaji aliyechaguliwa si yule aliyempendekeza, lakini bei iko ndani ya bajeti, hana la kupinga, kwa kuwa alishaandika kwamba angekubali. Bei ikiwa imezidi, ana barua yake ya Jumatatu, na jambo hilo litaingia kwenye yatokanayo ya kikao kijacho.