Tangazo la Mnyama wa Udh-hiya: Kilo, Bei na Siku ya Kumwona

Unapokaribia mwezi wa Dhul-Hijja, wauza mifugo huleta matangazo yao misikitini, nasi wa Bujora, tulio ndani ya Usukuma wenye ng'ombe wengi, hatuyakosi. Mengi husema tu kwamba wanyama ni wanono na bei ni nafuu. Kwa maneno hayo mnunuzi hawezi kupiga hesabu. Tangazo la haki hutaja uzito, bei na siku za kumwona mnyama.

Tuchukue mfano. Muuzaji ametangaza dume la kilo 252 kwa shilingi 5,000 kila kilo. Bei yake ni shilingi 1,260,000, na washirika saba, ambao ndio ukomo kwa ng'ombe mmoja, watachanga 180,000 kila mmoja. Lakini kilo hizo ni za mnyama aliye hai, pamoja na ngozi, kichwa, kwato na vilivyomo tumboni. Ng'ombe wetu wa kienyeji akishachunwa hubakia takriban nusu ya uzito huo. Basi nyama na mifupa yake ni kama kilo 120, na fungu la mshirika ni kama kilo 17. Aliyetarajia kilo 36 atadhani amedhulumiwa, na hali muuzaji amesema kweli.

Dhuluma yaweza kuingia kwenye saa ya kupima. Ng'ombe mwenye kiu aweza kunywa lita 20 kwa mara moja, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa bei ile, washirika watakuwa wamenunua maji ya shilingi 100,000. Kwa hiyo mnyama apimwe asubuhi kabla ya kunyweshwa, mbele ya mnunuzi. Ikiwa muuzaji hana mizani, bali hupima kifua kwa utepe, hayo ni makadirio. Hapo ni bora kukubaliana bei ya mnyama mzima aliyeonwa, si bei ya kilo.

Siku ya kumwona, tumtembeze kwanza. Kilema kilicho dhahiri, chongo, ugonjwa na kukonda kupindukia humwondoa katika udh-hiya, hata kilo zikitimia. Kisha afunguliwe kinywa: ng'ombe aliyeota meno mawili makubwa ya mbele kwa kawaida ametimiza miaka miwili au anaikaribia, na aliye na meno ya utoto matupu ni wa kutiliwa shaka, mpaka mfugaji athibitishe umri wake.

Mwisho, iandikwe ni nani atakayemlisha hadi Idi na nani atakayelipia usafiri. Ujira wa mchinjaji nao utengwe kwa fedha, kwani haifai kumlipa kwa nyama wala kwa ngozi ya mnyama huyo. Anayehitaji kumwona mnyama kwa utulivu aende mapema, wala asingoje mkesha wa Idi, kwani siku hiyo zizi hujaa watu na nafasi ya kukagua huwa haba.