Februari 29 Inatoka Wapi?

Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku hizi huangukia Julai. Wageni walioandika habari za Zanzibar katika karne ya 19 waliikuta sikukuu hiyo ikifanyika kuelekea mwisho wa Agosti. Hakuna aliyeihamisha. Imerudi nyuma yenyewe, kiasi cha siku moja kila miaka minne.

Sababu ni hesabu. Mwaka wa Nairuzi, ambao wakulima na mabaharia wa pwani waliufuata kwa kuhesabu siku kumi kumi, yaani mwongo baada ya mwongo, una siku 365 kamili. Miongo 36, siku tano juu yake, kisha mwaka mpya. Ni hesabu nzuri ambayo mtu aliweza kuibeba kichwani bila kitabu. Lakini siku ya 365 inapokwisha, dunia bado haijamaliza kulizunguka jua.

Chukua siku ile ya Machi ambapo jua huvuka ikweta kuelekea kaskazini. Tuseme mwaka huu limevuka saa 12 kamili asubuhi. Kwa wastani litarudi hapo baada ya siku 365 na zaidi ya hapo saa 5, dakika 48 na sekunde 45. Kwa hiyo mwakani litavuka karibu na saa sita mchana, mwaka wa pili kabla kidogo ya saa 12 jioni, na mwaka wa tatu kabla ya saa sita usiku. Mwaka wa nne nyongeza hizo zinakuwa saa 23 na robo, karibu siku nzima. Tusipoihesabu siku hiyo, majira yatazidi kuchelewa katika kalenda, na sikukuu iliyofungwa kwenye siku 365 itazidi kuyatangulia.

Kwa nini basi safari hiyo isichukue siku kamili? Kwa sababu siku na mwaka ni miendo miwili tofauti. Siku hutokana na dunia kujizungusha yenyewe; mwaka hutokana na dunia kulizunguka jua. Hakuna kitu kinachoilazimisha miendo hiyo iende sambamba. Tena hata siku yenyewe haikai na urefu uleule. Maji ya bahari yanayojaa na kupwa kwa mvuto wa mwezi huipunguzia dunia kasi ya kujizungusha, kidogo sana, sehemu ndogo ya sekunde kwa karne. Matumbawe yaliyogeuka mawe, ya miaka ipatayo milioni 400 iliyopita, yana mistari myembamba ya ukuaji wa kila siku, na wataalamu walipoihesabu walipata kiasi cha siku 400 kwa mwaka mmoja. Hata 365 yetu, kumbe, ni namba ya zama hizi tu.

Julius Kaisari wa Roma ndiye aliyeweka, kuanzia mwaka 45 kabla ya Kristo, utaratibu wa kuongeza siku moja kila mwaka wa nne. Mwaka huo wenye siku 366 ndio tunaouita mwaka mrefu. Ulikuwa uamuzi mzuri, ila ulizidisha. Nyongeza halisi ya miaka minne ni saa 23 na dakika 15, naye alitoa saa 24. Dakika 45 za ziada hakuna aliyezihisi maishani mwake, lakini hazikupotea. Kufikia karne ya 16, siku ya jua kuvuka ikweta, ambayo Kanisa liliitegemea kupanga Pasaka na kuihesabu kuwa Machi 21, ilikuwa inaangukia Machi 11.

Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 alifuta siku kumi. Waliolala Alhamisi, Oktoba 4, waliamka Ijumaa, Oktoba 15. Kuondoa siku hizo kulirekebisha yaliyopita tu. Kilichohitajika zaidi ni kanuni ya kuzuia kosa lisirudi. Piga hesabu mwenyewe: dakika 45 kila miaka minne zinakuwa saa 75 katika miaka 400, yaani siku tatu na saa tatu. Basi katika kila miaka 400 miaka mirefu mitatu huondolewa. Mwaka wa kufunga karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400. Ndiyo maana 2000 ulikuwa mrefu, na 1900 haukuwa. Zinabaki saa tatu ambazo hakuna aliyezishughulikia. Zitafika siku nzima baada ya miaka ipatayo 3,200.

Wengi wetu tulio hai tumezoea mwaka mrefu kila baada ya miaka minne bila kukosa, kwa kuwa 2000 uliangukia upande wa kubaki. Mtoto anayezaliwa leo anaweza kuishi hadi auone mwaka unaorukwa. Fungua kalenda ya simu yako uende hadi 2100: Jumapili ni Februari 28, na Jumatatu yake ni Machi 1.